Draivu Imejaa: Barua Pepe Inayoandikiwa Wote na Kumfikia Nani?

"Ndugu wafanyakazi, tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Draivu ya pamoja S: imejaa. Mnaombwa kufuta mafaili yote msiyoyahitaji kabla ya Ijumaa saa 11:00 jioni. Baada ya muda huo Kitengo cha TEHAMA hakitawajibika kwa upotevu wowote. Nawatakia kazi njema."

Barua pepe ya namna hii haina adabu mbaya. Inasalimia, inaomba, inataja siku na saa. Ila ukiipima kwa matokeo yake, mara nyingi huishia hivi: watu wachache hufuta vitu vidogo, wengi hawafanyi lolote, mmoja hufuta kitu cha mwenzake, na Jumatatu draivu imebaki palepale. Wiki mbili baadaye inakuja nyingine, safari hii kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa. Maofisa wa TEHAMA husema wafanyakazi ni wakaidi. Wafanyakazi nao husema jamaa wa aiti wanasumbua. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana juu ya tabia, wakati tatizo ni la hesabu: nafasi imeshikwa na watu wachache na vitu vichache, na barua imeandikwa kana kwamba kila mtu ameshika sehemu sawa.

Tuchukue ofisi ya mfano ili tuone hesabu yenyewe. Ni kampuni ya ushauri wa ujenzi jijini Dar es Salaam, ina watu 70, seva moja ya Windows na draivu ya terabaiti 4, yaani takriban gigabaiti 4,000. Nafasi iliyobaki ni gigabaiti 160. Ofisi hii nimeitunga, lakini aliyewahi kupima seva ya kampuni inayofanya kazi na michoro na picha ataitambua.

Kabla ya kuandika neno lolote, ofisa wetu angepaswa kujua gigabaiti 3,840 zilizotumika zimekwenda wapi. Programu kama TreeSize na WinDirStat huonyesha uzito wa kila folda kwa picha, na hata bila hizo mistari mitatu ya PowerShell inaleta mafaili 50 makubwa kuliko yote:

```
Get-ChildItem S:\ -Recurse -File -Force |
  Sort-Object Length -Descending |
  Select-Object -First 50 FullName, Length, LastWriteTime
```

Hapa pana mtego mmoja. Akipima kwa akaunti isiyo na ruhusa ya kufungua folda za uhasibu au za utumishi, folda hizo hazitahesabiwa, na jumla itakuja ndogo kuliko ilivyo. Tuseme amepima kwa akaunti yenye ruhusa zote. Picha za droni za vipimo vya ardhi: gigabaiti 1,300. Nakala kamili za diski za kompyuta za ofisi, zilizohifadhiwa na Kitengo cha TEHAMA chenyewe kila kompyuta ilipoformatiwa: 620. Folda za watu walioacha kazi: 540. Video za uzinduzi wa miradi: 380. Mafaili ya PST, yaani barua pepe za zamani za Outlook zilizohamishiwa kwenye draivu: 230. Vilivyobaki, vya idara zote, Word, Excel, PDF, michoro na barua zilizoskaniwa: 430. Jumla ni 3,500. Zile 340 ambazo hazionekani kwenye folda yoyote nitazirudia, kwa sababu zina kisa chake.

Sasa irudie ile barua ukiwa na hesabu hii mkononi. Mhasibu, katibu muhtasi na ofisa manunuzi, ambao ndio wengi kati ya wale 70, wanaishi ndani ya zile gigabaiti 430. Hati ya Word ya kurasa chache isiyo na picha inaweza kuwa na kilobaiti 200. Mruko mmoja wa droni juu ya eneo la ujenzi, wenye picha 600 za megabaiti 9 kila moja, unachukua gigabaiti 5.4. Ili katibu muhtasi afidie mruko huo mmoja, itambidi afute hati 27,000. Anaweza kukaa siku nzima akifuta barua za mwaka juzi kwa moyo safi, na asubuhi mpimaji mmoja akarudi kutoka saiti na kadi moja ya kumbukumbu akaifuta kazi yake yote.

Jambo la pili linalojitokeza ni gumu zaidi kulisema kwenye kikao. Ili seva ipumue, ofisa wetu anataka asilimia 15 ya draivu iwe wazi, yaani gigabaiti 600. Anazo 160, kwa hiyo anahitaji 440. Folda yake mwenyewe ya nakala za diski ina 620. Angeihamishia kwenye diski nyingine, au angefuta nakala za kompyuta zilizokwishatupwa, shida ya mwezi huu ingekwisha bila kumwandikia mtu. Simsingizii, ukipekua seva nyingi utakuta folda iitwayo `IT`, `Backup` au `Temp` ni miongoni mwa nzito zaidi, na mwenye kuiweka ndiye mwandishi wa barua.

Tuingie kwenye neno lililobeba barua nzima: "msiyoyahitaji". Ni nani anayejua faili fulani linahitajika? Ofisa wa TEHAMA anajua ukubwa wake lakini hajui maana yake. Mfanyakazi anajua maana ya mafaili yake, basi. Katika folda ya idara yenye watu wanane, kwa kawaida wote wanane wana ruhusa ya kubadilisha na kufuta chochote kilichomo. Mmoja anapoambiwa afute asivyovihitaji, anaweza kutii kabisa na kufuta jedwali la vipimo ambalo yeye hajaligusa tangu aajiriwe, huku jirani yake akilitumia kila robo mwaka. Hajakiuka agizo hata kidogo.

Wengi hujaribu kulikwepa swali hili kwa kuangalia tarehe. "Lisilofunguliwa miaka mitatu, futa." Inasikika vizuri, ila Windows yenyewe haiwezi kukuhakikishia lini faili lilifunguliwa mara ya mwisho. Tangu Windows Vista na Windows Server 2008, kuandika tarehe ya ufunguzi kumezimwa kwa kawaida ili kuipunguzia diski kazi, na matoleo ya baadaye yamekuwa yakiamua yenyewe lini kuiwasha. Amri hii inakuonyesha hali ilivyo kwenye seva yako:

```
fsutil behavior query disablelastaccess
```

Kama imezimwa, safu ya `Date accessed` haina ushahidi. Inayobaki ni `Date modified`, ambayo inaeleza lini faili lilibadilishwa. Mkataba uliosainiwa mwaka 2017 haujabadilishwa tangu siku hiyo, na hautakiwi kubadilishwa, ingawa mwanasheria anausoma kila mwezi. Kwa kipimo cha tarehe, mkataba huo na rasimu iliyotelekezwa ni kitu kimoja. `Date created` nayo inadanganya kwa njia yake: faili linapokopiwa kwa njia ya kawaida ya Windows Explorer, nakala hupewa tarehe mpya ya kuzaliwa lakini hubaki na tarehe ya zamani ya mabadiliko. Ukikuta maelfu ya mafaili yamezaliwa siku moja, na yote yalibadilishwa miaka kabla ya kuzaliwa, huenda umeiona siku seva ilipohamishwa kwa kukopi hivyo.

Uhamisho wa seva huvuruga pia swali la mwenye faili. Kila faili kwenye Windows lina mmiliki aliyeandikwa, kwa hiyo mtu angedhani kazi ni rahisi: panga kwa mmiliki, mwandikie kila mmoja orodha yake. Lakini fundi aliyehamisha kwa `robocopy` bila kuongeza `/COPYALL` au kuagiza umiliki unakiliwe, amebeba data, sifa na tarehe tu. Mmiliki akabaki nyuma. Kwenye seva mpya kila kitu kinasomeka kuwa mali ya `Administrators`, na historia ya nani aliweka nini imepotea moja kwa moja. Hata pale umiliki ulipohifadhiwa, mtu akiacha kazi na akaunti yake ikafutwa, jina lake hugeuka kuwa namba ndefu inayoanza na `S-1-5-21-`. Namba hizo kwenye safu ya mmiliki ni dalili nzuri kwa anayeipima seva: pale zinapojazana, hapo pana urithi usio na mrithi. Zile gigabaiti 540 za walioacha kazi zimejaa namba hizo. Barua kwa wafanyakazi wote haiwezi kuzigusa, maana wenyewe hawapo kuisoma, na waliopo hawathubutu.

Tuseme watu wametii na wanafuta. Kwenye kompyuta yake mwenyewe mtu amezoea kwamba kilichofutwa kinakwenda kwenye `Recycle Bin`, akijuta anakichukua. Kwenye draivu ya mtandao hakipiti huko. Windows inauliza kama una hakika unataka kukifuta moja kwa moja, watu wanabonyeza ndiyo bila kusoma, na kimekwenda. Wanaogundua hili huligundua Ijumaa jioni.

Kinachoweza kuwaokoa ni zile gigabaiti 340 zisizoonekana. Seva ya Windows ikiwashiwa nakala za kivuli, hupiga picha ya hali ya draivu kwa ratiba. Ratiba ya kawaida, kama hakuna aliyeibadilisha, ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:00 asubuhi na saa 6:00 mchana. Mfanyakazi akibonyeza folda kwa kitufe cha kulia na kufungua `Previous Versions`, anaiona folda ilivyokuwa leo asubuhi, jana, juma lililopita. Ni huduma nzuri mno, na ofisini wachache huwa wameambiwa ipo.

Lakini vivuli navyo vinakaa ndani ya draivu ileile na vina mpaka: nakala 64 kwa draivu, na nafasi ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 10 yake, kwetu gigabaiti 400. Kivuli hakikopi kila kitu. Kinahifadhi vipande vya zamani pale tu vipande vipya vinapoandikwa juu yake. Sasa fikiria wiki ya usafi. Mafaili makubwa yanafutwa, nafasi inaonekana, na wapimaji waliokuwa wakisubiri wanamimina picha zao mpya mahali palepale. Vipande vya zamani vinakimbilia kwenye eneo la vivuli, eneo linajaa, na Windows inaanza kutupa vivuli vya zamani kuliko vyote ili vipya vipate mahali. Kwa utulivu wa kawaida, nakala 64 kwa mbili kila siku ya kazi ni zaidi ya wiki sita. Katika wiki ya vurugu zinaweza kushuka hadi siku chache. Yaani uwezo wa kurudisha kilichofutwa kimakosa unapungua katika juma ambalo makosa ni mengi. Ofisa anaweza kulifuatilia hili kwa amri moja, `vssadmin list shadows`, akiangalia tarehe ya kivuli cha kwanza kwenye orodha. Tarehe hiyo ikianza kusogea mbele haraka, asimamishe ufutaji kwanza.

Kuna hasara nyingine isiyopiga kelele kabisa. Watu wengi, badala ya kufuta, hupanga upya: folda zinahamishwa, zinabadilishwa majina, zinaunganishwa. Hilo haliongezi hata baiti moja ya nafasi likifanyika ndani ya draivu moja, ila linakata nyuzi. Mchoro wa AutoCAD uliokuwa ukivuta mpango wa jengo kutoka faili jingine unafunguka ukiwa na pengo, na mchoraji anaona mara moja. Excel ni mjanja zaidi. Ripoti ya mhasibu iliyounganishwa na jedwali lililohamishwa inamwambia viungo haviwezi kusasishwa, yeye anafunga ujumbe huo kama anavyofunga kila ujumbe, na tarakimu zinabaki zilivyokuwa mara ya mwisho. Hakuna kisanduku chekundu. Ripoti inakwenda kwa mkurugenzi na takwimu za mwezi uliopita, zimepangwa vizuri.

Sentensi ya mwisho ya barua, ile ya kutowajibika, nayo ina kazi yake. Inawatisha watu wakimbilie flashi. Mtu mwangalifu akisoma kwamba baada ya Ijumaa lolote linaweza kupotea, anachomeka eksteno yake na kukopi folda nzima ya idara, au anaipandisha kwenye akaunti yake binafsi ya mtandaoni. Kwake hiyo ni busara. Dalili yake kwenye seva ni kwamba usomaji wa data unapanda sana siku mbili za mwisho, huku nafasi iliyotumika haishuki. Watu wanabeba, hawapunguzi.

Hapo jambo linatoka kwenye nafasi na kuingia kwenye sheria. Folda ya utumishi ina nakala za vitambulisho vya NIDA, wasifu wa waombaji kazi, vyeti vya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita haja ya kukusanywa kwake. Maombi ya kazi ya miaka sita iliyopita yanastahili kufutwa kwa utaratibu; kuyabeba kwenye flashi ya mtu kwenda nayo nyumbani ni kinyume chake kabisa. Upande wa pili, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano, kwa hiyo ankara ya miaka minne iliyopita, ambayo mhasibu msaidizi haihitaji hata kidogo, haifutwi. Kwenye ofisi ya umma mzigo ni mkubwa zaidi, kwani kumbukumbu za serikali ziko chini ya sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka za taifa, na uteketezaji wake una ratiba na idhini. Barua pepe ya kitengo haiwezi kuwa idhini hiyo.

Mtu atauliza, na kwa haki: kwa nini wasinunue diski kubwa tu? Wakati mwingine hilo ndilo jibu sahihi, na ningeheshimu zaidi barua inayokiri kwamba bajeti imekataliwa kuliko inayowalaumu watu kwa kuweka kazi zao mahali pa kazi. Picha za droni ni zao la kampuni. Hakuna nidhamu itakayozifanya zipungue. Ila diski ndiyo sehemu ya bei nafuu ya mzigo huu. Sehemu ngumu ni bakapu. Mtandao wa gigabiti moja, kwa uhalisia, unapitisha takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Gigabaiti 3,840 zinachukua karibu saa 11. Bakapu kamili ikianza saa 1 usiku inamalizika kabla watu hawajafika. Ziongeze ziwe 6,000 na unahitaji karibu saa 17: bakapu inakokota hadi karibu saa sita mchana, seva ikiwa nzito na mafaili yakiwa yamefunguliwa. Ni kweli kwamba bakapu za kila siku huchukua mabadiliko tu. Lakini siku seva ikifa, kurejesha ni kwa hesabu ileile nzima, na watu 70 wanasubiri.

Ndiyo maana dawa ya picha za droni ni kuzihamisha kwa utaratibu: mradi ukishakabidhiwa, picha ghafi zinakwenda kwenye diski mbili za kumbukumbu zisizohitaji bakapu ya kila usiku, kwenye draivu inabaki ramani iliyotokana nazo. Mpimaji mkuu ndiye wa kukubaliana naye, ana kwa ana, pengine kwa nusu saa. Video ni za ofisa mawasiliano. PST ni kazi ya TEHAMA wenyewe, na Microsoft haiungi mkono kutumia mafaili hayo kupitia mtandao, kwa hiyo barua hizo zinatakiwa kurudi kwenye seva ya barua au kwenye hifadhi maalumu.

Barua kwa wote, kama bado inahitajika, ingesomeka tofauti. "Draivu S: ilikuwa imebakiwa na gigabaiti 160. Kitengo cha TEHAMA kimeanza na folda yake na kimeondoa 620. Tumezungumza na wenye folda tatu kubwa. Ninyi wengine hamtakiwi kufuta kitu. Msihamishe wala kubadilisha majina ya folda hadi tarehe 20. Mkikosa faili, fungueni Previous Versions au mnipigie." Inawaomba wengi jambo dogo wanaloliweza, na siku yake ya mwisho ingewekwa Jumatano asubuhi badala ya Ijumaa jioni, ili anayegundua kosa amkute mtu wa kumwambia.

Zinabaki gigabaiti 540 za walioondoka. Njia ninayoiamini ni kuzihamishia kwenye diski nyingine, kuondoa ruhusa ya kuzisoma, kisha kusikiliza nani analalamika. Siku 30 ambazo wengi huweka hazitoshi, kwa sababu kuna mafaili yanayofunguliwa mara moja kwa mwaka, wakati wa bajeti au wakaguzi wanapokuja. Zisubiri hadi ukaguzi wa hesabu upite. Na hata baada ya hapo, saini ya kufuta haipaswi kuwa ya ofisa wa TEHAMA. Mkuu wa idara alikokuwa akifanya kazi mtu huyo aandike jina lake kwenye orodha ya folda, mstari kwa mstari. Wengi watakataa kusaini, na kwa folda hizo kampuni italipia diski.